Anzeni na meza ya kuchambulia karanga, si mashine ya kusaga

Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa Dodoma alinikaribisha nione chumba anachotaka kuanzishia siagi ya karanga. Alinipa shikamoo, akanipa kiti, kisha akanipa mpango wa uendeshaji wa kurasa 20 na zaidi. Ukurasa wa kwanza una picha ya mashine ya kusaga. Uchambuzi wa karanga nimeukuta ukurasa wa 17, mstari mmoja: "vibarua 2". Huyu ni wa nne kuniletea mpango wa namna hiyo tangu mwaka uanze, na nawapenda sana wadogo zangu nyie, lakini uvumilivu wangu umefika mwisho. Nakaa niandike.

1. Uwezo wa kiwanda unapimwa kwenye meza

Mwenye duka la mashine atakwambia mashine yake inasaga kilo 60 kwa saa, na ni kweli. Pipa la kukaangia linabeba kilo 30, na ukihesabu kupakia na kupakua, mzunguko mmoja ni kama saa nzima. Sasa nenda mezani. Kwangu mchambuaji mzoefu, akikaa kwenye mwanga mzuri, anachambua kilo 10 kwa saa bila kuruka punje mbovu. Vibarua wawili ni kilo 20. Basi kiwanda chako kinatoa kilo 20 kwa saa, na mashine yako ya mkopo itasimama zaidi ya nusu ya siku ikikutazama.

Nilimwambia kijana apunguze ukubwa wa mashine, fedha inayobaki ailipie wachambuaji watatu zaidi, meza nyeupe na dirisha kubwa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mama, lakini benki wanataka kuona mashine." Namwelewa. Waonyeshe mashine ndogo.

Hesabu na upotevu pia. Kwangu, kilo 100 za karanga zilizobanguliwa hunipa takriban kilo 82 za siagi, baada ya kuondoa mbovu, unyevu unaopotea motoni na maganda mekundu. Ukipanga bei kana kwamba kilo 100 zitabaki kilo 100, umeshajikata.

2. Muulizeni muuzaji karanga zilibanguliwaje

Wote mnauliza bei na aina. Ulizeni kama maganda yalilowekwa. Kubangua kwa mkono kunaumiza vidole, kwa hiyo wengi hunyunyizia maji ili ganda lilainike, na kwa dalali maji hayo ni uzito wa kuuza. Karanga ikishalowa na kufungwa kwenye gunia la plastiki, ukungu unapata nyumba, na ukungu huo ndio unaoleta sumukuvu. Mimi siku hizi nanunua zikiwa na maganda kutoka kwa wakulima ninaowajua, nabangua mwenyewe kwa mashine ya mkono, na gunia halishuki kwenye gari kabla kipima unyevu hakijasoma asilimia 7 au chini yake kwa punje.

3. Siku nne za mwezi Machi

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka wa tatu wa kazi nilipata oda ya chupa 2,000 za gramu 400. Hizo ni kilo 800 za siagi, maana yake karibu tani moja ya karanga. Ghalani nilikuwa na kilo 300 nzuri za msimu. Zilizobaki, kilo 700, nilinunua kwa dalali, mwezi Machi, mvua zikinyesha. Zilikuwa na bei nzuri. Nilifungua gunia la juu, nikachota konzi moja, nikaona safi, nikalipa.

Nilikuwa na siku nne na wachambuaji wawili. Tani moja kwa kilo 20 kwa saa ni saa 50, zaidi ya siku sita za kazi za saa nane. Hesabu hiyo niliijua. Badala ya kumpigia mteja kuomba wiki moja, nilibadilisha malipo: nikaacha kulipa kwa siku, nikalipa kwa kila kilo iliyochambuliwa. Kazi ikaisha kwa siku mbili na nusu. Niliwapongeza akina mama wale, nikawanunulia soda.

Daftari lilikuwa linanipigia kelele. Siku za kawaida nilikuwa natoa kilo 8 au 9 za mbovu kwenye kila kilo 100. Safari hii, kwa karanga za dalali, za mvua, zilitoka kilo 2. Mimi niliisoma namba ile kama faida. Punje zilizosinyaa, zenye madoa, zenye ngozi inayovuka ukisugua, zote zilipita kwenda kwenye pipa, kwa sababu nilikuwa nawalipa wasizitoe. Wala sikuwa na haki ya kuwalaumu.

Nilijipa moyo kwamba moto utamaliza mambo. Moto wa kukaangia unaua vijidudu na ukungu wenyewe, lakini sumu iliyokwishatengenezwa inapungua kiasi tu, na inayobaki haina harufu wala ladha. Nilionja siagi ile. Ilikuwa tamu.

Mteja alipeleka sampuli maabara. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa sumukuvu yote ni mikrogramu 10 kwa kilo. Yetu ilisoma 38.

Hapo ndipo kosa la pili lilipojitokeza, na ndilo lililonimaliza. Kilo 300 nzuri nilikuwa nimezimimina pamoja na za dalali kwenye mdomo wa mashine, na lebo hazikuwa na namba ya bechi, tarehe tu. Sikuweza kusema chupa ipi ni ipi. Nikarudisha zote 2,000, pamoja na zile nilizokwishauza madukani wiki ile, nikizunguka duka hadi duka nikieleza. Duka moja mwenye nalo aliniambia chupa mbili zimenunuliwa na mama mwenye watoto wadogo, hamjui anakaa wapi. Mkoa huu na Manyara tulizika watu mwaka 2016 kwa sumukuvu ya mahindi. Sikulala.

Tangu siku ile kila mkulima ana bechi yake, hazichanganywi hadi majibu yatoke. Sampuli inachotwa kidogo kidogo kutoka kila gunia, juu, kati na chini, kisha inasagwa pamoja, kwa sababu punje chache mbovu zinaweza kubeba sumu ya gunia zima na konzi lako likazikosa. Wachambuaji nalipa kwa siku. Mbovu zikishuka ghafla chini ya kawaida, kazi inasimama.

4. Vifaa na njia ya kazi

Mbichi iingie mlango mmoja, iliyokaangwa itokee mwingine, na anayeshika mbichi asishike iliyokaangwa siku hiyo, maana baada ya moto hakuna tena kitu cha kuua vijidudu. Acheni karanga zipoe kabla ya kusaga, la sivyo siagi inanuka kuungua. Kabla ya kununua mota, ulizeni kama umeme wenu ni wa fezi tatu.

5. Mbovu zinaenda wapi?

Hili halimo kwenye mpango wa kijana hata mmoja niliyemsoma. Wafugaji watakuja getini kuzinunua, na vibarua wataomba za kupikia mboga. Ng'ombe akila, sehemu ya sumu inapita hadi kwenye maziwa. Kwangu zinapimwa, zinaandikwa, zinachomwa shimoni jioni ileile, na mimi mwenyewe nasimama hapo mpaka ziishe.