Kabla hujang'ata pembe ya pakiti ya maji

Msomaji mmoja ameniandikia kuhusu furushi la maji ya pakiti alilonunua jumla. Lilikaa barazani siku kadhaa, jua likilipiga upande mmoja kuanzia mchana. Pakiti za upande wa jua zina ladha ya plastiki. Chini ya furushi, kwenye mfuko wa nje, kuna maji yaliyotuama. Pakiti mbili zimelegea, na moja kati ya hizo ina kitu cha kijani kwenye kona. Anauliza kama zilizobaki zinanyweka, au kama jua limeshaua wadudu na hakuna haja ya wasiwasi.

Swali lake limebeba mambo matatu ambayo watu wengi huyachanganya, nayo ni sili, jua na chanzo. Nitaanza na sili, maana hiyo ndiyo unayoweza kuipima mwenyewe kwa mkono na macho.

Pakiti ya kiwandani hutengenezwa kutoka kwenye roli la nailoni. Mashine huikunja nailoni hiyo kuwa bomba na kuibana kwa joto mgongoni, ndipo unapopatikana mshono mrefu wa wima. Kisha vyuma viwili vya moto hubana bomba kwa upande, maji humiminwa, bomba hushuka, na vyuma vile vinabana tena. Pigo hilo moja hufunga juu ya pakiti iliyojaa na chini ya pakiti inayofuata, kisu kikikata katikati. Kwa hiyo kila pakiti ina mishono mitatu: mmoja mgongoni na miwili kwenye ncha.

Pakiti nyingi huanza kuvuja pale mshono wa mgongo unapokutana na mshono wa ncha. Hapo nailoni ina tabaka nyingi kuliko pembeni, na joto lililotosha pembeni huenda lisipenye hadi ndani. Pakibaki kijia chembamba kama unywele, maji hayatachuruzika. Yatatoka pakiti ikibanwa tu, na mkono ukiachia, kilichoko nje kinaweza kurudi ndani kwa njia ileile. Ndiyo maana nasisitiza sili hata kwa pakiti isiyoonekana kuvuja. Ndoo ya barafu ya mchuuzi ina maji yaliyoyeyuka, vumbi la barabarani na mikono ya kila aliyechagua pakiti. Pakiti yenye kijia, ikibanwa na kuachiwa mara kadhaa ndani ya ndoo hiyo, inaweza kuvuta kidogo cha maji hayo.

Joto la vyuma nalo lina makosa yake. Umeme ukishuka, vyuma vinapoa na mshono unashikana juujuu. Kwa macho unaonekana mzima, lakini ukiuvuta unabanduka kama stika. Vyuma vikizidi joto, nailoni inayeyuka na kuwa nyembamba, mshono unakunjamana au kubadilika rangi, na hukatika ukingoni pakiti ikidondoka. Kosa la tatu ni tone la maji kunaswa kati ya tabaka wakati wa kubana. Tone hilo hugeuka mvuke na kuacha vipovu vidogo ndani ya mshono. Kipovu kimoja katikati ya mshono mpana si hatari, ila vipovu vilivyofuatana kutoka ndani hadi ukingoni ni njia kamili ya maji.

Namna ya kukagua ni hii. Ifute pakiti ikauke kabisa. Hatua hii watu huiruka, na bila hiyo kipimo hakina maana, kwa sababu pakiti iliyotoka kwenye barafu imelowa tayari na huwezi kujua tone limetoka wapi. Ielekeze ncha kwenye mwanga uutazame mshono. Unatakiwa kuona mstari wa upana mmoja kutoka kona hadi kona, usio na mikunjo wala vipovu vilivyopangana. Kisha ilaze juu ya karatasi kavu, mshono wa mgongo ukiwa chini, uikandamize kwa kiganja polepole huku ukihesabu hadi thelathini. Iinue uangalie karatasi. Doa la unyevu kwenye njia panda ya mishono, hata likiwa dogo kama punje ya mchele, linatosha kuikataa. Geuza pakiti, rudia upande wa pili.

Barabarani huna karatasi wala muda. Futa pakiti kwa kitambaa, ibane kwa mikono miwili huku ncha moja ikikutazama, halafu badili ncha. Tone likijitokeza, irudishe.

Kipimo kingine hufanywa baada ya kunywa, nacho ndicho kinachokufahamisha zaidi kuhusu kiwanda chenyewe. Chukua pakiti tupu, ikate katikati kwa mkasi ili ncha zote mbili zibaki nzima. Shika tabaka mbili za nailoni karibu na mshono, uzivute kila moja upande wake. Mshono mzuri haubanduki. Nailoni yenyewe hunyooka na kuchanika kando yake. Ukibanduka taratibu na kuacha nyuso laini, mashine ilikuwa na joto pungufu siku hiyo, na huenda wenzake wa furushi lile wako hivyohivyo. Kagua pakiti tatu au nne za furushi moja kabla hujaendelea kununua chapa hiyo.

Sasa tuje kwenye jua. Wengi wamesikia kwamba maji yakianikwa juani yanasafika, na ni kweli kwa njia maalumu. Shirika la Afya Duniani linaitambua njia ya kuweka maji maangavu kwenye chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, ikalazwa kwenye jua kali kwa saa zisizopungua 6. Kinachofanya kazi hapo ni miale kupenya maji yenyewe, ikisaidiwa na joto. Furushi la pakiti halifanani na chupa hiyo. Pakiti za nje huzitia kivuli za ndani, na maandishi yaliyochapwa huzuia sehemu ya mwanga. Pakiti za katikati zinapata vuguvugu bila miale, na bakteria waliobaki humo huzaliana haraka zaidi kwenye vuguvugu kuliko kwenye ubaridi.

Tena jua huondoa kinga. Kama kiwanda kiliacha klorini kidogo ndani ya maji, mwanga wa jua huivunja, na kwenye pakiti angavu iliyoachwa juani inaweza kupungua sana katika saa chache. Na mara nyingi klorini hiyo haipo tangu mwanzo, kwa sababu chujio la mkaa kiwandani huiondoa ili maji yasinuke. Baada ya hapo maji hupitishwa kwenye taa ya miale ya urujuanimno. Taa hiyo huua vijidudu vinavyopita mbele yake wakati ule tu, haiachi dawa ndani ya maji. Kijidudu kitakachoingia baadaye, kwenye bomba la mashine, kwenye nailoni iliyoshikwa na mikono au kupitia kijia cha mshono, hakikuti cha kukizuia.

Ile ladha ya plastiki inatokana na joto na mwanga kuichakaza nailoni na wino wake, harufu ikahamia kwenye maji. Pia nailoni hii hupitisha harufu kutoka nje. Maji yaliyowekwa karibu na mafuta ya taa, petroli, rangi au sabuni ya unga hunywa harufu hizo bila pakiti kutoboka. Kuyachemsha au kuyatia dawa hakuyarudishi yalivyokuwa, na kwa mafuta ya taa na petroli ushauri wangu ni mmoja: usiyanywe.

Nikirudi kwenye furushi la msomaji, maji yaliyotuama chini yanasema kuna pakiti inayovuja, na mbili zilizolegea ndizo zinazoshukiwa kwanza. Hizo zimwagwe. Ukijani ni mwani, nao huhitaji mwanga na muda, kwa hiyo huenda maji yalikuwa yamekaa kwenye mwanga muda mrefu kabla hata hayajafika barazani. Aangalie tarehe ya kutengenezwa. Pakiti nyingine zote zilizolala kwenye maji yale ya chini zioshwe kwa maji safi na sabuni, zikaushwe, kisha zipimwe kwa karatasi moja moja. Zilizofaulu na hazina ladha wala harufu zinaweza kutumika, lakini mimi ningeyachemsha hadi yatokote vizuri, kwa sababu joto la siku zote zile hatulijui lilifanya nini ndani. Zenye ladha ya plastiki zifulie nguo.

Kuhusu uhifadhi, kivuli pekee hakitoshi ikiwa mafurushi yamepangwa hadi darini. Pakiti 30 za nusu lita ni kilo 15. Ukipandanisha mafurushi sita, la chini kabisa limebeba kilo 75, na uzito huo unaenda moja kwa moja kwenye mishono. Yasizidi matatu au manne, yakae juu ya mbao badala ya sakafu, na yaliyotangulia kuingia yatangulie kutoka.

Chanzo ndicho kigumu kukijua kutoka barabarani, na hapa lazima niseme wazi: sili nzuri huhifadhi kilichotiwa ndani, kiwe safi au kichafu. Maji yanaweza kuwa ya bomba la mji au ya kisima kirefu, na vyote vinaweza kufaa vikisafishwa vizuri. Ung'avu si ushahidi. Kipimo cha maabara ni kutokuwepo kabisa kwa bakteria wa kinyesi aina ya E. coli katika mililita 100 za maji, na hakuna jicho linaloweza kuona hilo. Kilicho mikononi mwako ni maandishi ya pakiti: jina la mtengenezaji na mahali alipo, namba ya usajili, namba ya toleo na tarehe. Tarehe iliyochapwa moja kwa moja kwenye roli zima, isiyobadilika mwezi hadi mwezi, si tarehe. Linganisha pakiti ya leo na ya wiki chache zilizopita utaona. Ukiwa mnunuzi wa jumla, mwombe mtengenezaji cheti cha maabara cha hivi karibuni, na umuulize taa yake ya miale ilibadilishwa lini. Taa nyingi za namna hiyo hudumu takriban saa 9,000, yaani kama mwaka mmoja ikiwaka mfululizo, na huendelea kutoa mwanga wa buluu hata nguvu yake ya kuua ikiwa imepungua. Anayejua kazi yake atakujibu papo hapo.

Mifuko inayojazwa kwa kata na kufungwa fundo haina mshono wa kukagua, kwa hiyo vipimo hivi havihusiki nayo, hiyo iachwe.

Hata pakiti iliyopita vipimo vyote ina uso wa nje uliopita mikononi na ndooni. Osha mikono, osha kona ya pakiti, ikate kwa mkasi safi na umimine kwenye kikombe. Kama uko njiani na huna kikombe, futa kona kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya pakiti nyingine, uichane kwa vidole, na umimine mdomoni bila midomo kugusa nailoni.