Roboti inaruka kila inapoona tagi ya darini

Swali: Habari mhandisi. Roboti yangu inahesabu mwendo kwa enkoda za magurudumu, na nimebandika AprilTag darini ili zifute makosa yanayolimbikizana. Lakini kila tagi ikionekana, roboti inaruka kwenye ramani hata sentimita 20, mara huku mara kule. Tagi zina upande wa sentimita 16, ziko mita 2.2 juu ya kamera, na fokasi ya kamera ni pikseli 600. Nimekosea wapi?

Jibu: Nashuku unachukua matokeo yote ya kitambuzi, mahali pa tagi pamoja na mielekeo yake mitatu, kisha unayageuza ili upate mahali pa kamera. Kwa vipimo vyako, tagi inachukua pikseli 44 hivi kwenye picha. Ikiinama digrii 5, ukingo wake wa mbali unakuwa mfupi kuliko wa karibu kwa chini ya theluthi moja ya pikseli. Kelele ya kawaida ya picha inaimeza tofauti hiyo, kwa hiyo mwinamo unaopewa ni wa kubahatisha. Ukishageuza hesabu, digrii 5 hizo kwenye kimo cha mita 2.2 zinakuwa sentimita 19. Miruko yako inatoka hapo.

Mwinamo huo huuhitaji, maana dari ni bapa na roboti iko sakafuni. Chukua kitovu cha tagi `(u, v)` baada ya kunyoosha upotoshaji wa lenzi, na pembe ambayo tagi imezunguka ndani ya picha. Kimo `h`, kutoka kamera hadi tagi, kipime kwa tepu; `f` ni fokasi kwa pikseli, na `(cx, cy)` ni kitovu cha picha kutoka kwenye vipimo vya kamera.

```python
dx = h * (u - cx) / f
dy = h * (v - cy) / f
```

Zungusha `dx` na `dy` kwa mwelekeo wa roboti, kisha toa kwenye mahali pa tagi katika ramani. Sasa kosa lilelile la theluthi ya pikseli ni milimita moja na kidogo tu. Matokeo yapeleke kwenye kichujio cha Kalman pamoja na enkoda. Usiyaandike moja kwa moja juu ya mahali pa roboti.

Kisha zungusha roboti papo hapo chini ya tagi moja. Mahali panapokokotolewa pakichora duara, kamera imefungwa ikiwa imeinama au haiko juu ya mhimili wa mzunguko. Duara la nusu kipenyo cha sentimita 8 ni sawa na mwinamo wa digrii 2. Dari likiwa la kimo kimoja, huna haja ya kutenganisha sababu hizo mbili: marekebisho mamoja ya `dx` na `dy` yanazifuta zote.

Ikiwa kosa linageuka upande roboti inapogeuza safari, tatizo ni muda. Kwa mwendo wa mita 0.5 kwa sekunde, picha iliyochelewa milisekunde 100 inakurudisha nyuma sentimita 5. Tumia saa ya kupigwa picha, si ya kumaliza kuichakata.

Sakafu yenye mteremko ndiyo mpaka wa njia hii: digrii 1 inaongeza karibu sentimita 4, na hapo utahitaji kihisi cha mwinamo kwenye roboti yenyewe.