Kuziba jino bila umeme: safisha pembeni, iache sakafu

Swali: "Wakuu, wiki ijayo tunakwenda kuziba meno kwa njia ya ART, ile ya vyombo vya mkono bila mashine, mahali pasipo umeme. Vyombo vya mkono ninavyo. Mpango wangu ni kuanzia katikati ya tundu, nikwangue mpaka sakafu iwe ngumu na isiwe na rangi, ndipo nijaze. Saruji ikiwa nzito naruhusiwa kuongeza tone? Na kazi hii hudumu kweli?"

Usianzie katikati, mkuu. Soma hapa kabla hujafunga begi, kwa sababu huko kukwangua sakafu mpaka iwe ngumu na nyeupe ndiko kunakotoboa kiini cha jino, na mahali pasipo umeme jino lililotobolewa kiini mara nyingi huishia kwenye koleo. Mtu amekuja na jino la kuzibika, anaondoka na pengo. Kosa hilo nimelifanya, maana nilifundishwa hivyo hivyo, na siwezi kunyamaza nikiliona linaandikwa tena kama mpango wa kazi.

Uozo ndani ya dentini, ile sehemu ya jino iliyo chini ya enameli, gamba gumu la nje, hauko wa aina moja. Tabaka la juu ni laini, limelowa, linachoteka kwa kijiko kama ugoro uliomwagikiwa maji. Hilo limejaa bakteria na nyuzi zake zimeshavunjika, halitapona, liondoe. Chini yake kuna tabaka jingine ambalo limepoteza madini lakini nyuzi zake bado nzima. Ukilikwangua linakuja kwa ugumu, vipande vyembamba vikavu, linavutana na chombo kama ngozi. Hilo ni jino lililo hai, na likifunikwa vizuri linaweza kurudishiwa madini. Wewe unapanga kulitupa ili ukutane na dentini ngumu, na kwenye tundu la kina hapo katikati dentini ngumu inaweza isiwepo kabisa. Utakachokutana nacho ni doa jekundu dogo kama ncha ya sindano.

Na rangi isikudanganye. Dentini ya kahawia, hata nyeusi, inaweza kuwa imara kabisa, hasa kwenye uozo wa zamani uliokwenda polepole. Unayoitafuta ni hali ya kitu chini ya chombo, unaisikia mkononi. Walionifundisha kuitafuta sakafu nyeupe walikuwa wanarithishana sheria ya enzi za mashine na amalgamu, hawakujiuliza kama inafaa kwa kazi hii. Nawalaumu kwa hilo, kwa sababu gharama ya sheria yao hawakuilipa wao. Walioilipa ni waliokaa kinywa wazi.

Sasa pembeni. Huko ndiko uhodari wote uhamie. Glasi ayonoma, yaani hiyo saruji ya kujazia, inashika jino kwa kuungana na kalsiamu ya enameli na dentini nzima. Ikizungukwa na ukingo safi pande zote, bakteria waliobaki chini sakafuni wanakosa chakula, na uozo unasimama. Ikibaki dentini laini pale enameli inapokutana na dentini, hata upande mmoja tu, saruji haina cha kushika, mate na sukari vinapita, na jino linaoza chini ya kizibo ambacho kwa macho kinaonekana kizuri. Kwa hiyo fundi mwenye mpango kama wako anaharibu mara mbili: anakwangua sana mahali pa hatari, halafu amechoka anapofika mahali penye faida. Uozo unapenda kujificha chini ya paa la enameli, usipotafutwa hauonekani.

Chukua gego la kwanza la chini, la kudumu, lina tundu dogo juu kwenye mfereji, na enameli ya kuzunguka imekuwa na kivuli cha kijivu. Kwanza uliza maumivu. Kama baridi au utamu unauma kisha unapoa haraka, endelea. Kama jino linauma lenyewe usiku na halitulii, au kuna uvimbe, usaha au kitundu kwenye ufizi, acha, hilo si la kazi hii. Kausha eneo kwa pamba zilizoviringwa, moja upande wa shavu na moja upande wa ulimi, ubadilishe kila zikilowa. Futa jino kwa kipande cha pamba chenye maji, kisha kikavu.

Tundu likiwa dogo kuliko kijiko, lipanue kwa shoka dogo la meno. Weka ncha yake tunduni na uizungushe huku na huku. Enameli nyembamba isiyo na dentini chini yake inavunjika yenyewe. Unataka mlango ambao kijiko kidogo cha milimita 1 kinaingia na kugeuka. Wengi wanabania mlango kwa kuona huruma, kisha hawafikii kona, na uozo unabaki pale pale pembeni.

Sasa ingiza hicho kijiko kidogo chini ya paa la enameli na uanze kuzunguka. Usiende katikati. Zungusha kwa duara ndogo ndogo ukifuata mpaka wa enameli na dentini, kama saa: saa kumi na mbili, saa tatu, saa sita, saa tisa, mpaka urudi ulipoanzia. Kinachotoka pangusia kwenye pamba. Paa likikuzuia, rudi kwenye shoka, vunja kidogo, endelea. Pembeni unakwangua mpaka dentini iwe ngumu, na utasikia mkwaruzo mkavu wa chombo. Mzunguko huo hauna msamaha, ukiruka kona moja umeacha mlango wazi.

Pembeni pakishakuwa safi ndipo ushuke sakafuni, na hapo badilisha chombo. Chukua kijiko kikubwa zaidi, cha milimita 1.5 au 2, kwa sababu kijiko kidogo kinachimba lakini kikubwa kinasambaza nguvu. Chota tabaka laini lililolowa kwa mkono mwepesi. Likianza kuja kama ngozi, simama. Na kama tundu limeingia ndani sana, karibu na kiini, simama hata kabla ya hapo na uache dentini laini kidogo sakafuni kwa makusudi. Najua inauma kuiacha, mkono unawasha. Iache. Makubaliano ya kimataifa ya wataalamu wa uozo wa meno yaliyotolewa mwaka 2016 yanasema hivyo hivyo kwa tundu la kina lenye kiini kilicho hai: ukingo uwe mgumu, sakafu usiitoboe. Wala usichome sakafu kwa kipimio chenye ncha kali eti uone kama imekuwa ngumu. Ncha hiyo inaweza kumaliza kazi uliyoiogopa.

Mgonjwa akishtuka ghafla wakati uko sakafuni, hiyo ni habari. Kazi hii kwa kawaida inafanyika bila ganzi kwa sababu dentini iliyokufa haihisi. Akihisi sana, kijiko chako kimefika kwenye dentini hai. Acha kukwangua, angalia ulipo.

Kuhusu tone la kuongeza: hapana, hata nusu. Tumia glasi ayonoma nzito ya kujazia. Ile nyepesi ya kubandikia kofia za meno haifai hapa. Fuata kipimo cha mtengenezaji, mara nyingi kijiko kimoja cha unga kilichosawazishwa kwa tone moja la kimiminika. Kabla ya kudondosha, laza chupa kidogo hewa ipande, kisha isimamishe wima, la sivyo tone lenye povu litakudanganya. Gawa unga mara mbili, koroga nusu ya kwanza, ongeza ya pili, umalize ndani ya sekunde 30 hivi. Saruji iwe inang'aa inapoingia jinoni, kwa sababu ule mng'ao ndio wenye nguvu ya kushika. Ikishafifia itupe, koroga nyingine. Watu wanaongeza tone kwa sababu inakuwa nzito mkononi, na wanachopata ni kizibo laini kinacholika.

Kabla ya kujaza, paka kiandaa dentini, tindikali nyepesi ya kuusafisha uso wake, kwa sekunde 10 hadi 15, uoshe kwa vipande viwili vitatu vya pamba yenye maji, kausha kwa pamba bila kulikausha jino mpaka liwe na rangi ya chokaa. Jaza pembeni kwanza, kisha katikati, upitilize kidogo mpaka kwenye mifereji ya jirani. Paka mafuta ya mgando kwenye kidole cha glavu, bonyeza na ushikilie kwa sekunde 20 hadi 30, kisha toa kidole kwa kukitelezesha pembeni. Ukikiinua wima unaweza kunyofoa kila kitu. Ondoa iliyozidi, pima anavyouma, paka mafuta tena, asile kwa saa 1. Mate au damu ikigusa tundu katikati ya hatua hizi, osha, kausha, uandae upya.

Inadumu? Inadumu, kwa masharti. Njia hii ilianza kujaribiwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na imefuatiliwa kwa muda mrefu. Matokeo ya tafiti nyingi yalipokusanywa, vizibo vya uso mmoja kwenye meno ya utotoni vilivyokuwa bado vizima baada ya miaka 2 vilikuwa karibu 93 kwa kila 100. Kwenye meno ya kudumu, uso mmoja, ni karibu 85 baada ya miaka 3 na 80 baada ya miaka 5. Lakini tundu linapokula ubavu wa jino la utotoni na kuhusisha nyuso mbili au zaidi, kwa miaka 2 inashuka hadi karibu 62. Saruji hii ni dhaifu inapokunjwa, kwa hiyo ukuta wa pembeni unakatika, na ule ukingo wa chini karibu na ufizi ndio mgumu kuufikia kwa kijiko na mgumu kuuweka mkavu. Kizibo kikianguka chote, au uozo ukirudi pembezoni mwake, usikimbilie kuilaumu saruji. Uliza kwanza kama yule aliyeziba alimaliza mzunguko.

Foleni ikiwa ndefu kuliko mwanga wa jua, anza na magego ya kudumu yenye tundu la juu tu. Ya ubavuni yaweke mwisho, na mwenye nayo mwambie wazi kwamba linaweza kuvunjika mapema, arudi likivunjika. Na ukiona lile doa jekundu sakafuni, usilifunike kwa saruji ukanyamaza. Mwambie mgonjwa, andika jino gani, na umpeleke mahali ambapo kiini kinaweza kutibiwa.