Mshahara umekuja mdogo, mkopo wa chuo uko palepale: majibu ya maswali yenu

Nilipanga nikianza kazi ntapata kama 900 mkononi, nimepata 550. Mkopo wangu ni 12,000, riba asilimia 6 kwa mwaka, miaka 10, rejesho 133 kila mwezi. Nikitoa kodi, nauli na chakula nabaki na 100 tu. Nilipe hiyohiyo 100 mpaka mambo yakae sawa?

Hapana. Ukituma 100 wakati mkataba unasema 133, kwenye mfumo wao we ni mtu ambaye hajalipa rejesho, hakuna mahali panapoandikwa "amejitahidi". Mwezi wa kwanza unadaiwa 33, wa pili 66, alafu penalti inaingia na jina lako linaanza kuharibika kwa wakopeshaji wengine, na wewe kila mwezi umetoa hela.

Kuna namba moja ambayo karibu wote mnaoniandikia hamuijui, nayo ni riba ya mwezi mmoja. Kwako wewe 12,000 kwa asilimia 6 ni 720 kwa mwaka, gawa kwa 12 unapata 60. Ukilipa chini ya 60 deni linakua hata kama unalipa kila mwezi bila kukosa, na ndo maana kuna watu wanalipa miaka mitatu wakiangalia salio wanakuta limepanda wanadhani wameibiwa. Hata hilo rejesho lako la kwanza la 133, 60 yote inaliwa na riba, kinachopunguza deni ni 73 tu.

Sasa cha kufanya, kabla tarehe ya rejesho haijapita, waandikie wakurefushie muda, na ambatisha slipu ya mshahara. Nasema kabla kwasababu aliyekuja mapema anaonekana anapanga, aliyekuja na madeni ya miezi minne anaonekana anakimbia, na kuna wakopeshaji hawakubali kupanga upya mkopo ambao tayari umechelewa. Wakikupa miaka 20 rejesho linashuka mpaka 86. Hapo unabaki na 14, na hiyo 14 usiitume kwenye mkopo, iweke pembeni, maana siku ukiumwa ndo itakayokuokoa usikose rejesho.

Ila hiyo 86 ina bei yake. Kwa miaka 10 ungelipa riba jumla kama 4,000, kwa miaka 20 inapita 8,600. Kwahiyo chukua miaka 20 ya kwenye karatasi ila usiishi humo. Tuseme umelipa 86 kwa miaka miwili, mshahara ukapanda, ukarudi kwenye 133 yako ya mwanzo. Wakati huo deni limebaki kama 11,340, litaisha ndani ya miezi 112 hivi, yaani tangu mwanzo mpaka mwisho ni miaka 11 na miezi minne, na riba yote ni kama 4,900. Umeongeza kama 900 tu juu ya mpango wa kwanza, na hiyo ndo gharama ya kupumua miaka miwili.

Ila hesabu hiyo inakubali ukiuliza mambo mawili kabla hujasaini. Je kuna faini ya kumaliza mkopo mapema? Na ile ziada ntakayolipa inapunguza deni lenyewe au mnaihesabu kama rejesho la mwezi ujao? La pili ndo linawaumiza wengi, mtu anatuma zaidi kila mwezi, mfumo unamwandikia "amelipa mbele", ziada inakaa tu ikisubiri mwezi ufike na riba inaendelea kupigwa kwenye deni lilelile. Toa maelekezo kwa maandishi kwamba ziada iende kwenye deni la msingi, alafu mwezi unaofuata angalia salio kama limeshuka kweli.

Wameniambia naweza kusimamisha marejesho mwaka mzima, si bora hivo kuliko kurefusha?

Uliuliza riba nayo inasimama? Haujauliza, najua, hakuna anayeulizaga. Mara nyingi kinachosimama ni rejesho tu. Tukitumia mkopo wa huyo wa juu, mwaka mmoja wa kusimama ni riba ya 720, wakiibandika kwenye deni unaanza upya na 12,720, na kwa miaka 10 ileile rejesho sasa ni 141 badala ya 133. Yaani kilichokushinda kikiwa kidogo unarudishiwa kikiwa kikubwa. Kama huna kazi kabisa, sawa, simamisha. Kama una mshahara hata mdogo, omba ulipe riba peke yake kwa huo mwaka, ile 60, deni libaki 12,000. Wengine wanakubali, ila lazima uombe mwenyewe, hawatakupigia simu kukushauri.

Mimi mkopo wangu unakatwa kwa asilimia ya mshahara, kwahiyo mshahara mdogo haunihusu si ndio?

Unakuhusu mara mbili. Makato yanashuka na mshahara lakini riba haishuki nao, kwahiyo linganisha makato yako na riba ya mwezi kama nilivyoeleza hapo juu. Alafu angalia hiyo asilimia inapigwa kwenye mshahara kamili au kwenye unaobaki baada ya kodi, kwasababu asilimia 15 ya 700 kabla ya makato ni 105, wakati wewe kichwani ulishapiga 15 ya 550 ukaweka 82.

Nikibadilisha laini ya simu watanipata?

Watampata mdhamini wako kwanza.

Nikope kwenye mikopo ya simu nilipe rejesho la mwezi huu nisichelewe?

Hili swali nimelijibu mpaka nimechoka. Mkopo wa asilimia 10 kwa mwezi, ukikopa 133 unarudisha zaidi ya 146 mwezi ujao, na mwezi ujao rejesho lingine la 133 linakusubiri palepale. Hiyo 133 ikibaki kwenye mkopo wa chuo wa asilimia 6 kwa mwaka inazaa riba isiyofika hata 1 kwa mwezi. Penalti ya kuchelewa nayo inauma, lakini soma ni kiasi gani kwanza ndo uogope.

Mwajiri wangu anakata kila mwezi, nahitaji kufuatilia nini tena?

Kila kitu. Kukatwa sio kulipwa. Kazi yangu ya kwanza slipu ilionyesha makato miezi mitano, nilivyoomba taarifa ya mkopo nikakuta miwili tu ndo imefika, mitatu mhasibu alikuwa anasema "iko njiani", na penalti nimeandikiwa mimi. Iliondolewa baadae kwasababu nilikuwa na slipu zote tano, mwenzangu aliyekuwa anazitupa alihangaika zaidi ya mwaka. Kwahiyo kila baada ya miezi mitatu omba taarifa ya mkopo, weka slipu pembeni, linganisha tarehe na kiasi mstari kwa mstari. Ukikuta pengo anza na mhasibu kwa maandishi, na nakala mpe mkopeshaji siku hiyohiyo. Na ukihama kazi usisubiri mwajiri mpya akuunganishe, lipa mwenyewe huo mwezi wa katikati, maana hapo ndo rejesho linapopoteaga.