Geti lina kufuli, ramani inasema pita

*Natoka Muheza kwenda Pangani, ramani ya simu ikanikata kulia katikati ya mkonge. Kilomita kadhaa mbele nikakuta geti lina mnyororo na kufuli, simu bado inasema nyoosha. Nimwamini nani?*

Ndugu, amini kufuli. Simu yako haijawahi kuliona hilo geti.

Ramani nyingi za bure huchota data OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, na njia za mashambani humo mara nyingi zimechorwa na mtu aliyekaa mbali akitazama picha ya setelaiti. Barabara za shamba la mkonge zinaonekana vizuri mno kutoka juu: zimenyooka na zinakatana kama mistari ya daftari. Geti halionekani, na kibao cha “hairuhusiwi kupita” ndiyo kabisa. Basi mchoraji anaandika `highway=track`, yaani njia ya shamba au ya msitu, suala la nani anaruhusiwa kupita linabaki tupu, na programu nyingi huchukulia ukimya huo kuwa ruhusa. Hata geti likichorwa bila maelezo ya ruhusa, zipo zinazolihesabu kuwa linapitika.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni geti lililo wazi. Mchana malori ya shamba yanaingia na kutoka, unapita bila kuulizwa, jioni unafika upande wa pili umefungwa, na la nyuma yako nalo limeshafungwa. Kwa hiyo ukikuta geti wazi lenye kibanda, simama umuulize mlinzi swali moja: “Upande wa pili wanafunga saa ngapi?” Akisita, geuza gari hapo hapo, maana kati ya mistari ya mkonge nafasi ya kugeuzia ni ya kutafuta.

Dalili unaweza kuziona kabla ya kuondoka. Fungua openstreetmap.org, kuza ramani kwenye ile kona uliyokatishwa. Mstari wa kahawia wa vipande vipande ni njia ya shamba au ya msitu. Bonyeza kitufe chenye alama ya kuuliza, kisha uguse njia yenyewe: ukiona `access=private`, usiingie bila ruhusa. Usipoona `access` yoyote, ujue tu kwamba hakuna aliyeandika. Mimi hapo hufuata barabara kuu, hasa kama njia ya mkato inaokoa dakika kumi tu.

Na kwa kuwa umeshafika kwenye geti lenyewe, una taarifa ambayo mchoraji hakuwa nayo. Fungua akaunti humo humo openstreetmap.org, weka nukta juu ya mstari wa njia, pale geti lilipo, uandike:

```
barrier=gate
access=private
locked=yes
```

Kama njia nzima ni ya shamba, iwekee nayo `access=private`. Ukiambiwa kwamba wenyewe huwaachia watu wapite, andika `access=permissive`. Mabadiliko hayataonekana kwenye simu yako papo hapo: kama unatumia ramani ya nje ya mtandao, itabidi usubiri toleo jipya, ulipakue upya.