Klachi ya pleti moja: kabla ya kuchagua fomula, angalia umepewa nini

Wanafunzi wa atachimenti wanaokuja karakana yetu hapa Kisumu huniletea swali hili kila muhula: nikikokotoa torki ya klachi kavu ya pleti moja, nishike dhana ya shinikizo sawa au ya ulikaji sawa? Wengi wamekariri kwamba pleti mpya ni shinikizo sawa na iliyotumika ni ulikaji sawa. Si uongo, lakini haitoshi, na mimi iliwahi kuniponza.

Tuchukue pleti yenye kipenyo cha nje milimita 240 na cha ndani milimita 160, yaani R1 ni 120 na R2 ni 80. Msuguano μ tuuweke 0.3. Pleti hii inasuguana pande mbili, flaiwili upande mmoja na presha pleti upande wa pili, kwa hiyo torki huzidishwa kwa 2. Ukisahau hiyo 2, hesabu yote imekwenda.

```
T = 2 · μ · W · R
shinikizo sawa: R = (2/3)(R1³ − R2³)/(R1² − R2²)
ulikaji sawa:   R = (R1 + R2)/2
```

Tuseme springi zinakandamiza kwa kani W ya N 5,000. Kwa shinikizo sawa, R ni mm 101.3 na torki ni N·m 304. Kwa ulikaji sawa, R ni mm 100 na torki ni N·m 300. Tofauti haifiki hata asilimia mbili. Ukungu wa mafuta kidogo tu kwenye pleti utashusha μ kuliko hapo. Kwa hiyo kani ikishajulikana, usipoteze usiku kubishania dhana.

Mambo hugeuka pale ulichopewa si kani bali shinikizo la juu ambalo lainingi inavumilia, tuseme MPa 0.25. Hapo ni lazima uelewe pleti inavyolika. Lainingi hulika kwa kadiri ya shinikizo likizidishwa na mwendo, na ukingo wa nje ndio unaokwenda kasi zaidi. Pleti ikiwa mpya, nje hulika haraka. Lakini presha pleti ni chuma kigumu, haijipindi kufuata mahali palipolika, basi nje hupunguziwa mzigo na ndani huongezewa. Hali hii huendelea mpaka shinikizo likizidishwa na rediasi liwe sawa kila mahali. Pleti ikishakaa hivyo, shinikizo kubwa kabisa liko ukingo wa ndani, na hapo ndipo ile MPa 0.25 inapopaswa kuheshimiwa:

```
shinikizo sawa: W = p · π(R1² − R2²)    = 6283 N, T = 382 N·m
ulikaji sawa:   W = p · 2π · R2(R1 − R2) = 5027 N, T = 302 N·m
```

Sasa pengo ni N·m 80, zaidi ya moja ya tano.

Nilipokuwa kijana kazini tulitengeneza klachi ya vipimo hivi kwa kinu cha kukamua miwa ya sukari nguru, upande wa Kakamega. Nilitumia shinikizo sawa, nikaagiza springi za jumla ya N 6,283. Klachi haikuteleza hata siku moja, na ndiyo maana nilichelewa kugundua kosa. Torki ilishuka kidogo tu, kutoka 382 hadi 377, kwa kuwa kani ilikuwa ileile. Kilichopanda ni shinikizo la ukingo wa ndani: 6,283 ukigawanya kwa 2π × 80 × 40 unapata MPa 0.31, robo zaidi ya kikomo. Tulipoifungua, lainingi ilikuwa na nyufa na imemeguka kuzunguka ukingo wa ndani, huku nje ikiwa nzima. Mwenye kinu alipoteza siku za kazi katikati ya mavuno, na ilinibidi nimweleze mimi mwenyewe.

Tangu hapo, torki ya kusanifia naipata kwa ulikaji sawa, maana ndiyo ndogo. Lakini ukikokotoa nguvu inayopotea kwa msuguano, kwa mfano kwenye beringi bapa inayobeba msukumo, upande salama ni shinikizo sawa, kwa kuwa hapo ndilo linalotoa hasara kubwa zaidi.

Jambo la mwisho la kupima kwa mkono. Pleti iliyotumika ikiletwa, shika vernia upime unene wa lainingi ndani na nje. Ikiwa imelika vizuri, vipimo vitakaribiana. Ukikuta nje imekwisha na ndani bado ina mikwaruzo ya kiwandani, weka rula iliyonyooka juu ya presha pleti na uangalie kama mwanga unapita chini yake. Ikiwa imepinda kwa joto, hakuna dhana kati ya hizi mbili inayoifaa, na pleti mpya itakayofungwa hapo itateleza mlima wa Riat kabla haijafika Kiboswa: injini inapandisha sauti, gari haliongezi mwendo.