Picha ya jicho la mama: arudi baada ya mwaka?

"Mama ana kisukari miaka kumi sasa. Picha ya jicho imeonyesha vidoa vya damu, majimaji yaliyoganda na mishipa iliyovimba, lakini anaona vizuri kabisa. Arudi mwakani tu?"

Hapana ndugu yangu, mwakani ni mbali. Kurudi kila mwaka ni kwa mtu ambaye picha yake imetoka safi. Ya mama imeshaonyesha dalili, kwa hiyo daktari wa macho aione sasa, halafu yeye ndiye apange tarehe.

Kazi yangu ni kupiga hizi picha kliniki. Sukari ikikaa juu kwa miaka, kuta za mishipa midogo ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hulegea. Pengine ukuta hututumka, ukaonekana kama nukta nyekundu. Pengine hupasuka, ndiyo hivyo vidoa vya damu. Mshipa uliolegea huvuja pia. Maji yake hunyonywa taratibu na mafuta hubaki, kwenye picha unayaona kama chembe za njano zenye kingo kali.

Swali la kwanza kwa daktari: hizo chembe ziko umbali gani na makula, yaani pale katikati tunaposomea? Nilimpiga picha dereva mmoja wa lori aliyesoma chati ya herufi hadi mstari wa 6/6 kwa macho yote mawili. Jicho la kushoto lilikuwa na chembe za njano zilizojipanga kama upinde, karibu sana na makula: nafasi iliyobaki ilikuwa ndogo kuliko upana wa kile kiduara cheupe ambapo neva huingia, kama milimita 1.5. Picha ya kawaida haionyeshi unene, hivyo akapelekwa kwenye mashine ya OCT, na kweli retina ilikuwa imeanza kujaa maji. Akafuatiliwa kwa karibu, na maji yalipokaribia katikati akaanza sindano za jicho huku bado anasoma.

Swali la pili ni la mishipa, na ndilo linalonitia hofu zaidi. Vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, ikivimba hapa na kubanwa pale, mithili ya shanga, maana yake retina inakosa hewa. Wataalamu huigawa retina robo nne. Vena za namna hiyo zikionekana kwenye robo mbili, ugonjwa umeshakuwa mkali, na ufuatiliaji ni wa miezi. Kinachofuata ni mishipa mipya dhaifu, inayovuja damu ndani ya jicho au kuivuta retina ibanduke. Leza huizuia, lakini uoni uliokwisha kupotea mara nyingi haiurudishi.

Siku ya kwenda msindikize, maana dawa ya kutanua mboni humwachia ukungu kwa saa kadhaa. Omba nakala ya picha za macho yote mawili uzihifadhi kwenye simu, mpiga picha ajaye azilinganishe na mpya. Na akiona ghafla madoa meusi yanaelea au kama pazia linashuka, mpeleke siku hiyo hiyo.